Lifti ya kila asubuhi na neno "kreng jai"

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni Mtanzania, nina miaka 29, nafundisha Kiingereza katika shule ya sekondari mkoani Khon Kaen, Thailand. Tangu muhula ulipoanza mwezi wa Mei, mwalimu mwenzangu, dada wa miaka arobaini na kitu, ananipa lifti kwenda shule kila asubuhi. Nilimwomba wiki ya kwanza tu, halafu ikawa mazoea. Nimemuuliza mara nyingi, "Pi, sikusumbui?" Kila mara anacheka na kusema "mai pen rai", hakuna neno. Majuzi mwalimu mwingine akaninong'oneza kwamba dada huyo huzunguka kilomita saba kunifuata, na humwacha mama yake mgonjwa kabla hajamaliza kumlisha. Niliumia sana. Kesho yake nikampa baht 1,000 za mafuta mle ndani ya chumba cha walimu. Akakataa, akatabasamu, na tangu siku hiyo ndani ya gari ni kimya. Wenzangu wananiambia hiyo ndiyo "kreng jai". Mimi naiona ni uongo. Si angesema tu? Nimwambie kwamba najua? Niache lifti?*

*Mwalimu wa Khon Kaen*

Marahaba, mwanangu.

Usimwambie kwamba unajua. Naanza na hilo kwa sababu mtu mwenye uchungu hutaka kuutua upesi, na uchungu wako ukiutua mbele yake utamuumiza kuliko asubuhi zote alizokuzungukia. Lifti ipunguze, ila usiikate kwa siku moja. Namna ya kuipunguza nitakueleza, lakini kwanza tukae kidogo na neno lenyewe. Mimi nimeishi Bangkok miaka kumi na moja, na nimeona wageni wengi wakimaliza tatizo moja la kreng jai na kuanzisha jingine kesho yake kwa sababu neno hawakulielewa.

Kithai kina maneno mengi yaliyojengwa juu ya "jai", yaani moyo. Kuelewa ni "kao jai", kuingia moyoni. Kufurahi ni "di jai", moyo mwema. Ukarimu ni "nam jai", maji ya moyo. "Kreng" nayo ni kuogopa, lakini si woga wa mwizi wala wa nyoka. Ni hali ya mtu anayepita chumbani taratibu, viatu mkononi, kwa sababu kuna mwenzake amelala. Kwa hiyo ukimfanyia mtu kreng jai, unaogopa kuugusa moyo wake kwa uzito: kumpa kazi, kumchelewesha, kumwaibisha, kumbana mpaka ajibu jambo asilotaka kulijibu. Na hilo la mwisho ndilo wageni wengi hawalioni. Kumfanya mtu akukatalie ni mzigo umembebesha. Kumfanya akulalamikie ni mzigo mwingine.

Nikupe mfano ambao unaweza kuuona wiki hii hii mkienda kula pamoja walimu. Chakula huwekwa katikati, kila mtu na sahani yake ya wali, na kila bakuli lina kijiko chake cha kupakulia. Watu wanakula, wanapiga soga, mpaka kwenye sahani ya samaki kinabaki kipande kimoja. Hapo mikono yote inasimama. Kipande kile kina jina kabisa, "chin kreng jai", kipande cha kreng jai. Kila mmoja anakitaka, hakuna anayekigusa, kwa sababu kukichukua ni kuwanyima wote waliobaki. Nimeona kipande namna hiyo kikipoa robo saa nzima. Halafu mkubwa wa meza, bila kusema lolote, huchukua kile kijiko cha pamoja na kukihamishia kwenye sahani ya mgeni au ya mdogo kuliko wote, na mazungumzo yanaendelea. Hakuna aliyesema uongo pale mezani. Kila mtu alijua wenzake wanakitaka, na kila mtu alisubiri yule mwenye nafasi ya kugawa agawe.

Sisi tunalo neno linalokaa karibu sana na hili, hasa pwani na visiwani: muhali. "Nilimwonea muhali" maana yake nilishindwa kumkatalia au kumkaripia kwa sababu ya yaliyomo kati yetu. Dada yako wa gari amekuonea muhali, ukipenda kulisema hivyo, na mwenye kuona muhali hatumwiti mwongo. Lakini kuna mahali maneno haya mawili yanaachana, na hapo ndipo ulipokwama. Kwetu muhali huwa kwa anayeombwa. Anayeomba yuko huru. Jirani anakuja kuomba chumvi, kesho unga, keshokutwa mwiko, na tunasema huyo ni jirani mwema, ametuzoea. Asiyeomba kabisa ndiye tunayemshuku kwamba anajiona. Kwa Wathai kreng jai huanza kwa anayeomba. Yeye ndiye anayetarajiwa kupima, kabla hajafungua kinywa, kama ombi lake litamtia mwenzake katika shida, na akiona hata dalili ndogo, alimeze. Kuna msemo wao unaosema kreng jai ni mali ya mtu mwenye malezi mema. Basi wewe uliomba kwa adabu ya kwetu, ukitazamia kwamba mwenye shida atasema. Yeye alikaa kwa adabu ya kwao, akitazamia kwamba anayeomba ataona. Miezi yote hiyo mmekuwa watu wawili wenye heshima, kila mmoja akimsubiri mwenzake.

Halafu kuna vyeo. Wewe unamwita "pi", dada mkubwa, naye bila shaka anakuita "nong", mdogo wake. Maneno haya si ya mapambo. Pi ana wajibu wa kumtazama nong: kumlipia chakula, kumwongoza, kutomwacha barabarani. Juu ya hapo wewe ni mgeni aliyeajiriwa na shule, na katika shule nyingi kuna mwalimu mmoja anayekabidhiwa mgeni, amsaidie na makaratasi ya viza, ya kibali cha kazi, na ile taarifa ya anwani inayopelekwa uhamiaji kila siku 90. Kama kwenu ni yeye, basi kukukatalia lifti kungekuwa kama kumrudishia mkuu wa shule kazi aliyompa. Sikwambii haya ili nimtetee kwa kila jambo. Nataka uone kwamba lile "hapana" ulilotaka aliseme lingemgharimu mahali pengi kwa wakati mmoja.

Mwaka 1990 Suntaree Komin, mtafiti wa saikolojia ya jamii katika taasisi ya taifa ya mafunzo ya utawala mjini Bangkok, alichapisha utafiti mkubwa juu ya maadili ya Wathai. Kreng jai aliiweka katika fungu moja na kutunza uso na kuepuka kumkosoa mtu waziwazi, fungu linalohusu nafsi na heshima ya mtu. Ukisoma barua yako ukiwa na hilo kichwani, zile baht 1,000 zinaonekana upya. Wewe uliona unalipa deni. Lakini chumba cha walimu kilikuwa na watu. Mbele yao, wema wake wa miezi mingi ukageuka nauli, na yeye akageuka dereva. Zaidi ya hapo, ulimlazimisha achague hadharani kati ya kupokea, aonekane alikuwa anangoja pesa, na kukataa, aonekane anakuaibisha wewe. Akatabasamu kwa sababu hakuwa na njia nyingine iliyobaki. Ule ukimya wa ndani ya gari naukisia si hasira. Huenda ameshaelewa kwamba kuna mtu amekwambia, na sasa yeye ndiye anayekuonea kreng jai mara mbili, maana anajua unajisikia vibaya kwa sababu yake.

Na yule mwalimu aliyekunong'oneza, usimwone mmbeya. Nina hakika kubwa kwamba ile ndiyo ilikuwa barua yako, imefika kwa njia yake ya kawaida. Jambo zito kati ya watu wawili pale hupitia kwa mtu wa katikati, ili anayelalamika asilalamike na anayelalamikiwa apate kubadilika bila kuumbuliwa. Pengine dada alimwambia kwa makusudi, pengine aliguna tu mbele yake naye akaelewa. Vyovyote iwavyo, ukienda kwa dada na kumwambia "nimeambiwa kwamba...", utakuwa umewaumbua wote wawili, na siku nyingine hakuna atakayekuletea neno. Njia ile ni ya thamani kwako kuliko unavyodhani. Itunze.

Sasa, uliuliza mara nyingi kama unamsumbua. Naamini uliuliza kwa moyo safi. Lakini swali lile lina jibu moja tu. Ni kama mwenye nyumba anayemuuliza mgeni "nakuchosha?" huku ameshika mlango. Mgeni atasema nini? "Mai pen rai" ni jibu la adabu, haikupi habari. Habari utaipata kwingine, na hapa nikufundishe kusikiliza, kwa sababu utalihitaji sikio hili kila siku ukiwa huko.

Ndiyo ya kweli huja upesi na huja na viungo vyake. Ukimuuliza Mthai, "Naweza kupanda nawe kesho?" naye akasema, "Panda, mimi natoka saa moja kasoro dakika kumi, simama kwenye duka la kona," hiyo ni ndiyo. Amekupa saa, amekupa mahali, amekuwekea safari. Akisema "dai ka", sawa, akalivuta neno, akanyamaza, ukabaki wewe ndiye unayetafuta saa na mahali, hiyo inakaribia hapana. Akisema "ngoja niangalie kwanza", ni hapana iliyovaa nguo nzuri, na ungojee siku moja tu. Asiporudi na jibu, usimkumbushe. Akirudisha swali, "Kesho una vitu vingi vya kubeba?" anakutafutia mlango wa kutokea, uchukue. Na tabasamu nalo ulitazame macho. Wathai wenyewe wana jina la tabasamu kavu, lile la midomo peke yake.

Badala ya kuuliza kama unasumbua, uliza habari za siku yake, halafu hesabu mwenyewe. "Pi, asubuhi unaamka saa ngapi?" "Unapita barabara gani kuja shule?" "Mama anakula mapema?" Ungeuliza hayo mwezi wa Juni, akajibu kwamba anaamka saa kumi na moja na kwao ni upande wa pili wa mji, ungejua bila yeye kulalamika hata neno moja. Hiyo ndiyo kazi ya anayeomba kule. Inachosha mwanzoni, nakubali, kisha inakuwa kama ile hodi yetu: unabisha mara tatu, ukiona kimya unaondoka, na hakuna anayesema ulifukuzwa.

Tuje kwenye lifti sasa. Kwanza tafuta usafiri wako kabla hujasema lolote, ili siku ya kusema uwe na jambo lililokwisha kamilika. Kama unaishi kwenye njia ya songteo, zile pikapu zenye mabenchi mawili nyuma, panda siku ya Jumamosi ujue inapita saa ngapi na inakushusha wapi. Kama haipo, zungumza na dereva wa pikipiki wa kijiweni, wale wanaovaa vizibao vya rangi ya chungwa, akuchukue kila asubuhi kwa bei ya mwezi. Hesabu muda vizuri. Bendera inapandishwa saa mbili kamili, na mwalimu anayefika wimbo wa taifa umeshaanza humwaibisha aliyemwajiri. Ungechelewa siku ya pili tu ya mpango wako mpya, dada angeona ni kosa lake na angerudi kukufuata.

Ukishapata usafiri, tafuta sababu inayokuhusu wewe, isiyomgusa yeye, na iwe ya kweli. Kwa mfano: umeanza kuamka mapema upitie sokoni, au unataka kujifunza Kithai kwa wauzaji, au kuna mwalimu mnapanda naye njia moja. Usitaje mama yake. Usitaje kilomita. Usitaje mafuta. Mwambie mkiwa wawili tu, garini au mnapotembea kutoka mstarini, siku tatu nne kabla, na isiwe kwa ujumbe wa LINE usiku wa manane. Ujumbe wa usiku unaosema "kesho usije" kule husomwa kama mtu aliyenuna.

Na hapa ndipo wengi hukosea: wanaacha yote kwa mpigo. Mtu aliyekubeba miezi mingi akiona kiti kiko wazi ghafla siku chache baada ya zile pesa, atajiuliza alikukosea nini, na wote waliokuwa chumbani watajiuliza pia. Kwa hiyo bakiza siku moja. Mwambie maneno kama haya: "Pi, kuanzia Jumatatu nitapanda songteo, nataka nipite sokoni asubuhi. Ila Ijumaa mchana, kama unarudi njia ya mjini, ningependa nipande nawe, tule tambi pamoja." Nimeichagua Ijumaa mchana kwa sababu hapo hakuna mama anayesubiri kulishwa na hakuna bendera, na njia ni ya kwake. Umempunguzia mzigo na hujamwondolea udada. Atasema, "Hapana, njoo tu, mai pen rai." Atasema mara mbili, labda tatu. Wewe cheka, shukuru, ushikilie mpango wako. Akiacha kusisitiza upesi, utajua amepumua. Kama kweli alifurahia kuwa nawe garini, atakwambia kwa viungo vile nilivyokueleza: "Basi Jumatano nina kikao mjini, nakupitia saa moja." Hiyo mwitikie.

Zile baht 1,000 zisahau. Usizitaje tena wala usiombe radhi kwa ajili yake, maana radhi itazirudisha mezani. Shukrani iende kwa njia nyingine, na iende kwa mama. Nunua matunda mazuri, maembe au machungwa ya kumenya, yapange kwenye kikapu, umpe garini mkiwa wawili na useme, "Haya ni ya mama." Kwa mama hawezi kukataa, na hapo hapo umemwambia, bila kusema, kwamba unajua yuko mama nyumbani. Ukirudi likizo kutoka Tanzania mpelekee zawadi ya safari, korosho au kahawa, kidogo tu; kitu kikubwa kitamtia deni jipya, naye atahangaika kukulipa. Asipokifungua mbele yako usivunjike moyo, kule mara nyingi zawadi hufunguliwa mgeni akishaondoka. Na mkisimama kwenye kituo cha mafuta siku ya Ijumaa, kwa kuwa kuna kijana anayejaza, unaweza kushuka na kumlipa yeye kabla dada hajafungua mkoba. Mara moja moja, si kila wiki. Atakugombeza kidogo, na hilo gombezo ni zuri.

Umeniambia unaona ni uongo. Nimejitahidi kukuonyesha kwamba sivyo, lakini nisingekuwa mkweli kwako kama ningekuachia picha kwamba kreng jai ni nzuri siku zote. Nilikuwa na jirani Bangkok, mama mtu mzima, ukuta mmoja na sisi. Usiku mmoja aliteleza bafuni akaumia mkono. Ilikuwa saa saba za usiku. Alikaa chini kwenye vigae, ameegemea ndoo, mpaka saa kumi na mbili asubuhi aliposikia komeo la mlango wetu, ndipo akagonga ukuta. Nilimkuta mkono umevimba mpaka kidole cha pete kimekuwa cheusi. Nilipomuuliza kwa nini hakutuita, akasema, "Mlikuwa mmelala. Nilikuwa kreng jai." Sijalisahau jibu lile. Daktari aliikata pete kwa koleo. Tangu siku hiyo niliacha kumwambia "ukiwa na shida tuite", kwa sababu nilijua hatatuita. Nikawa mimi ndiye ninayepita kila jioni na bakuli la chochote, nakaa dakika tano, natazama.

Wathai wenyewe wanalijua hili. Mtu aliyezidisha wana jina lake, "ki kreng jai", na wanalitamka kwa huruma iliyochanganyika na karipio. Mgonjwa asiyemwambia daktari kwamba dawa inamdhuru kwa kuwa daktari ana haraka, mfanyakazi anayeona mkubwa wake amekosea hesabu akanyamaza, hao wote wako katika kundi hilo. Na wewe utalikuta darasani kwako kesho. Ukiuliza "mmeelewa?", sauti arobaini zitajibu "kao jai ka, teacher", na nusu yao hawajaelewa, wamekuonea kreng jai, kwa sababu kusema hatujaelewa ni kusema hukufundisha vizuri, na kuuliza peke yako ni kuwachelewesha wenzako. Usiulize kama wameelewa. Wape sentensi, waandike wawili wawili, upite katikati ya madawati. Kwenye daftari hakuna wa kumwonea kreng jai.

Kwa hiyo mambo mengine yasubiri ishara, mengine yasisubiri. Lifti inaweza kusubiri. Ugonjwa, pesa za mshahara, mkataba, na tarehe za viza yako, hayo uliza waziwazi, ila uliza kwa njia inayompa mtu nafasi: mkiwa wawili, mapema, na swali liwe juu ya karatasi, lisiwe juu yake. "Pi, nisaidie kuelewa tarehe hii" linapita mahali ambapo "mbona hamjashughulikia viza yangu?" limekwama.

Jambo la mwisho, na hili lishike kuliko yote niliyoandika. Siku moja, pengine baada ya mwezi au miwili, dada huyo atakuja mezani kwako amesimama upande, mikono imeshika faili, na ataanza kwa "ko ropkuan noi", naomba nikusumbue kidogo. Labda ni makaratasi anayoandaa ya kupandishwa cheo cha ualimu, ana ukurasa wa Kiingereza anataka usomwe. Atakuwa ameshafikiria ombi hilo wiki mbili. Atakwambia kama huna nafasi si neno, na akiona hata ukitazama saa atarudi nyuma. Hapo usimjibu "sawa" peke yake. Acha ulichoshika, vuta kiti cha pili, na umwambie, "Pi, leo saa tisa, vipindi vikiisha, maktaba, nakaa nawe mpaka tumalize."